Matanga ya Mjomba wa Bwana Afya

Mimi nimezaliwa Kipini, jina langu Mwanaarusi, na nimekuwa muuguzi Garsen kwa muda mrefu kiasi kwamba uchafu wa binadamu haunishtui tena. Matapishi nimeyafuta, ndoo nimezimwaga, viatu vyangu vimeoza kwa dawa. Baada ya hayo yote mtu huosha mikono akala chakula chake. Kilichonitia kinyaa mwaka ule wa mvua za El Nino ni midomo ya watu wazima wenye afya njema, na kinyaa hicho sijakiosha mpaka leo.

Nataka kumsimulia Danson Buya, afisa wa afya wa wilaya. Huku kwetu mtu wa kazi hiyo huitwa Bwana Afya, apende asipende. Danson ni Mpokomo, mwana wa mtoni, amezaliwa upande wa Golbanti katika nyumba ya watu wa kanisa. Baba alifariki mapema, mama yake Mbeyu akamlea kwa shamba la mpunga na migomba ya ukingoni. Mtoto akasomeshwa, akaajiriwa, akarudi wilayani kwao na pikipiki ya serikali, na jambo la kwanza alilomfanyia mama yake ni kumchimbia choo. Majirani walicheka sana. Walitarajia mabati, wakaona shimo.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alitembea na kikombe chake cha bati mfukoni mwa koti. Akialikwa harusini, kwanza huzunguka nyuma ya nyumba kutazama maji yanatoka wapi, ndipo atoe mkono wa pongezi. Wenye hoteli pale stendi walimchukia kwa moyo wote, maana aliinusa mboga kabla hajauliza bei. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Sauti yake ilikuwa moja tu, ya chini, ileile ya kukuambia habari za asubuhi na ya kukuambia hoteli yako imefungwa. Mimi nilimtania kwamba akioa atamkagua bibi harusi kucha. Alinijibu kwamba kucha ni muhimu.

Basi mto ukafurika. Barabara ya Malindi ikakatika, ya Hola ikazama, na Garsen ikabaki kama kisahani katikati ya maji. Mashamba yote yalikwenda. Wapokomo walipanda juu ya tuta na mitumbwi yao. Waorma, ambao ni wafugaji, walikimbilia na ng'ombe wao kipande cha ardhi iliyoinuka ng'ambo, chini kidogo ya Golbanti, wakazungukwa na maji huko bila chombo, kwa sababu Muorma ana ng'ombe na hana mtumbwi. Siku zote ukitaka kuvuka mto huu, unavushwa na Mpokomo.

Kisha kipindupindu kikaingia. Mgonjwa analetwa macho yamedidimia, ngozi ya kidole imekunjamana kama ya mfua nguo, na kinachomtoka si choo tena bali maji meupe kama yale ya kuoshea mchele. Tulisimamisha mahema uwanjani. Vitanda vilikuwa vya turubai vilivyotobolewa tundu katikati, na ndoo chini ya kila tundu, ili tujue mtu amepoteza maji kiasi gani na tumrudishie mengine kwa dripu au kwa kikombe. Mlangoni palikuwa na beseni la dawa la kukanyagia. Danson alichukua choo cha wagonjwa kwa vijiti vya pamba, akakifunga vizuri kwenye vichupa na kukituma maabara kwa ndege ya msaada, na jibu likarudi kwa redio ya polisi kwamba ni chenyewe. Hapo watu wote wakawa na swali moja: nani amekileta?

Jibu walikuwa nalo tayari. Wamekileta Waorma na ng'ombe wao. Lilianzia kwa diwani, bwana mmoja aliyeponea chupuchupu katika uchaguzi na bado alikuwa na kiu ya kusikilizwa, likashuka mpaka gatini pa mitumbwi, na pale likageuka kuwa kazi. Mkubwa wa wapiga kasia, jina lake Komora, alisema hakuna Muorma atakayekanyaga mtumbwi wa Mpokomo. Chifu alipokwenda kuwaamuru, alikuta makasia yamefichwa na wenyewe wamekaa wanatafuna miraa. Boti yetu ya injini ilikuwa imekwenda Hola kuleta dripu. Kwa hiyo wagonjwa wa ng'ambo walikaa ng'ambo, na sisi tuliwaona kwa mbali wakizika.

Ukweli wenyewe mimi na Danson tuliujua. Mjomba wake, ndugu wa mama yake, alikuwa amerudi safarini anaumwa. Alibebwa kwa mtumbwi, amelala chini, na kila kilichomtoka kiliingia humo mtumbwini. Sasa, katika kila mtumbwi wa mto huu kuna kibuyu kilichokatwa cha kutolea maji yanayovuja. Kibuyu hichohicho ndicho abiria akishikwa na kiu huchota nacho mtoni akanywa. Hakuna anayeona ubaya, mto unatembea, na mto unaotembea watu huuona msafi. Uchafu wa yule mzee waliutoa mtumbwini kwa kibuyu hicho, na walipofika, akafariki. Ndugu wakamwosha. Kisha mtumbwi uleule ukasuuzwa mara moja, ukapakiwa mapipa, ukaenda kuchota maji ya kupikia matanga. Maji ya mapipa yale yalinywewa pia mabichi, kwa kibuyu kilekile. Waliomwosha maiti ndio waliopakua wali.

Danson siku zile alikuwa Hola. Aliporudi alikuta nusu ya waombolezaji wako kwenye vitanda vyangu. Na aliyesimamia sufuria za matanga hayo alikuwa mama yake.

Siku moja kabla ya waandishi wa habari kuja, Mama Mbeyu alikuja kumwona mwanawe. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa nje ya hema la dawa, kanga mbili, mgongo wima, mwanamke ambaye kanisani akisimama kwaya nzima husimama. Mimi nilikuwa hapo nachanganya dawa ya klorini, wala hakunijali.

"Dansoni, nasikia watu wa redio wanakuja. Utasema nini juu ya mjomba wako?"

"Nikiulizwa ugonjwa ulianzia wapi, nitasema tunapojua, mama."

"Mjomba wako alikufa kwa malaria. Nimeshasema hivyo mbele ya kanisa."

"Mama, ulimwona mwenyewe. Yale maji meupe uliyaona. Malaria haifanyi vile."

"Niliyoyaona ni yangu." Alikunja kanga yake magotini. "Wali niliupika mimi, mwanangu. Ukisema maneno hayo redioni, wote waliokufa watakuwa wamekufa mkononi mwangu. Utatembea wapi baada ya hapo? Mimi nitatembea wapi?"

Danson alichota maji yaliyotiwa dawa kwa kikombe chake cha bati, akampa kwa mikono miwili. Mama alinusa, akayamwaga chini taratibu.

"Yananuka kama choo cha hospitali," akasema, akaondoka.

Nilimhurumia mama yule, na nilimkasirikia vilevile. Kuna wanawake hung'ang'ania heshima mpaka wengine wafe nayo. Nilimwambia Danson hivyo, na yeye akaniambia niangalie kipimo cha klorini, nimekosea.

Jioni ileile alikwenda hema la wanawake, akapiga magoti kando ya kitanda cha mjane wa mjomba wake, aliyekuwa anapata nafuu. Alimwomba ruhusa kwa Kipokomo. Mjane akaniangalia mimi na kusema kwa Kiswahili, nafikiri ili niwe shahidi, "Aseme. Mimi karibu nife kwa kunyamaza."

Asubuhi ndege ya msaada iliwashusha waandishi. Wawili walikuwa wa magazeti, na mmoja, binti mpole aitwaye Bahiya, alikuwa wa redio. Mmoja wa magazeti alivaa koti lenye mifuko mingi, na kabla hajasalimia aliniuliza kama kuna mgonjwa anayekaribia kufa ili ampige picha. Nilimwonyesha beseni la kukanyagia. Akatazama viatu vyake vya ngozi, akasema atapigia kwa mbali.

Diwani naye alifika, na hakuja mkono mtupu. Alileta sufuria ya pilau ya mbuzi kwa ajili ya wageni, ikafunuliwa kwenye meza iliyokuwa imewekwa chini ya kivuli cha ghala, hatua chache tu kutoka kwenye shimo tunalomwagia ndoo. Nzi walitoka shimoni wakaenda mezani bila kupumzika njiani. Wakati huo chakula cha hadhara kilikuwa kimepigwa marufuku wilaya nzima kwa amri iliyotiwa sahihi na Danson mwenyewe.

"Mheshimiwa," Danson alisema kwa sauti yake ileile, "chakula hiki kitafukiwa."

"Bwana Afya, hawa ni wageni wa watu."

"Ndiyo. Ndiyo maana kitafukiwa."

Kikafukiwa, na chokaa juu. Wapiga kasia, ambao diwani alikuwa amewaita waje wajaze viti na kupiga makofi, waliitazama nyama ikienda shimoni kwa uchungu ambao hawakuwahi kuwaonyesha wale wa ng'ambo. Mama Mbeyu alikuwa miongoni mwao, amekaa benchi la nyuma. Sijui alikuja kumzuia mwanawe au kumsikia.

Hata kabla wageni hawajakaa, akatokea mtu amelowa mpaka kichwani. Alikuwa Dhadho, mfugaji tuliyemfahamu sokoni kabla ya mafuriko. Alikuwa amevuka kwa kushika mkia wa dume lake na kuacha limkokote, katika maji yenye mamba. Dume lilisimama nyuma yake linatetemeka.

"Sista," aliniambia, "Amina anaharisha toka alfajiri. Bibi yangu. Sasa hata mkojo hakuna. Iko wengine wawili. Mimi nataka mtumbwi moja tu."

Nilimpa pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji, lakini nilijua, na Danson alijua, kwamba mtu ambaye mkojo umekauka hawezi kuokolewa na kikombe peke yake. Anahitaji mshipa na dripu, tena mapema. Dhadho alikwisha kupita gatini. Komora alikuwa amemwambia kipindupindu ni chao, wakae nacho.

"Ngoja kidogo, ndugu yangu," Danson akamwambia. "Nikimaliza kuongea na hawa watu, nadhani mtumbwi utapatikana."

"Bwana Afya, wewe maneno yako ni refu. Amina hana refu."

"Yatakuwa mafupi."

Akaanza hapo hapo, amesimama, bila kumngoja diwani afungue mkutano. Bahiya alimsogezea kinasa sauti. Nitayaeleza kama alivyoyasema, maana nilikuwa nimesimama nyuma yake na ndoo mkononi.

"Habari zenu. Mimi ni Danson Buya, afisa wa afya wa wilaya. Tuna mlipuko wa kipindupindu, na maabara imethibitisha. Mpaka asubuhi hii tumepokea wagonjwa sitini na watatu katika kituo hiki. Waliofia hapa ni wanne. Tunajua vifo vingine vitano vilivyotokea nyumbani. Ng'ambo ya mto kuna vifo ambavyo hatujavihesabu kwa sababu hatujaweza kufika, kwa hiyo msiandike kwamba jumla ni tisa. Andikeni kwamba tunaojua ni tisa."

Yule wa koti alikuwa amekwisha andika tisa. Akafuta.

"Ugonjwa huu unaingia kwa mdomo, kwa maji au chakula kilichoguswa na choo cha mgonjwa. Hauruki hewani. Hauletwi na ng'ombe. Dalili huanza baada ya saa chache, au hadi siku tano. Mtu akianza kuharisha, apewe maji ya chumvi na sukari papo hapo, aendelee kunywa akiwa njiani, na aletwe hapa. Akifika mapema, anapona. Wengi wa waliokufa walichelewa kufika. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, ambayo tunaigawa bure. Maiti wa ugonjwa huu asioshwe na ndugu peke yao. Tuiteni, tutaosha pamoja kwa dawa na kwa heshima ya dini yake. Na hakuna kupikia watu matangani kwa sasa."

Koti la mifuko likainua kalamu. "Bwana Buya, wananchi hapa wanasema ugonjwa umeletwa na wafugaji wa Kiorma. Unathibitisha?"

Diwani akaegemea mbele akitabasamu, kama mtu aliyelipia swali hilo. Dhadho alikuwa amesimama kando na dume lake. Nilimtazama Mama Mbeyu. Alikuwa akimtazama mwanawe bila kupepesa.

"Sithibitishi," Danson akasema. "Nitawaambia tunachokijua. Mgonjwa wa kwanza tunayemjua hakuwa mfugaji. Alikuwa Mpokomo, mkulima, upande wa Golbanti. Alirudi safarini akiwa anaharisha. Aliupata wapi, hatujui, na sitabahatisha. Hatukuwahi kumpima, alikwisha zikwa. Lakini wawili kati ya waliomwosha wamepimwa, na wanao. Mtumbwi uliombeba ndio uliochota maji ya matanga. Wagonjwa wetu wa mwanzo karibu wote walikula au kunywa kwenye matanga hayo. Wafugaji walianza kuugua baadaye, na wanakunywa maji ya mto chini ya pale mtumbwi ule uliposuuzwa. Kwa hivyo ukiniuliza nani amempa nani, sisi ndio tuliowapa wao."

"Bwana Afya," diwani akafoka, "zungumza mambo ya afya. Usitukane kabila la watu."

"Simtukani mtu, mheshimiwa. Marehemu alikuwa mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na mama yangu. Mjane wake ameniruhusu kusema. Kama kuna aibu hapo, ni ya nyumba yetu, na nyumba yetu haimzuii mtu kupanda mtumbwi."

Sauti yake haikupanda wala kushuka. Mkono wake tu, ule uliokuwa nyuma mgongoni, ambao waandishi hawakuuona na mimi niliuona, ulikuwa umekishika kikombe cha bati mpaka kikabonyea.

Yule wa koti akanusa habari. "Na chakula cha matanga kilipikwa na nani?"

"Hilo halimsaidii mgonjwa yeyote," Danson akajibu. "Swali jingine."

Hakukuwa na jingine. Danson aliwageukia wapiga kasia. Hakuwahutubia. Alisema tu kwamba ng'ambo kuna wagonjwa watatu leo, kwamba mtumbwi ukioshwa kwa dawa kabla na baada hauambukizi, na kwamba muuguzi Mwanaarusi atakwenda nao. Hilo la mwisho hakuwa ameniuliza.

Hakuna aliyeinuka. Laiti mngewaona. Wanaume wenye mikono iliyojaa misuli ya kupiga kasia, wengine wao walikula wali ule ule, wakapona kwa dripu zetu, na sasa wanatazama vidole vyao vya miguu kana kwamba ndiyo kwanza wanaviona. Komora alitema miraa chini, karibu na mguu wa benchi. Nimeona ndoo za kila aina katika kazi hii, na naapa sijaona kitu kichafu kuliko kimya kile.

Benchi la nyuma likalia. Mama Mbeyu alikuwa amesimama.

Alipita katikati yao polepole, akaja mpaka mbele, na nilidhani anakwenda kumpiga mwanawe kofi. Hakumtazama hata kidogo. Alimtazama yule mwandishi wa koti.

"Wali niliupika mimi," akasema. "Andika. Mbeyu."

Kisha akamgeukia Dhadho. "Baba, mkeo yuko wapi?"

"Ng'ambo, mama. Chini ya ile miti ya mikoma."

"Napajua." Alikaza kanga kiunoni, akaja kwangu. "Nipe hiyo dawa yenu inayonuka."

Nilimpa ndoo. Tulishuka gatini, yeye, mimi na Dhadho, na Bahiya nyuma na kinasa sauti chake. Mama alikwenda moja kwa moja kwenye mtumbwi wa Komora, kwa sababu ndio uliokuwa mkubwa, na makasia yake yaliyofichwa kila mwanamke wa Garsen alijua yako kwenye matete gani. Alimwagia dawa sakafu, akasugua kwa gunia akiwa amepiga magoti. Kibuyu cha kutolea maji alikitoa, akakiweka juu ya jiwe, akakiponda kwa kisigino. Komora alikuwa amefika ukingoni na kusimama. Mama alipolisukuma lile gogo la mtumbwi majini peke yake, miguu ikizama matopeni, ndipo Komora alipoingia maji na kushika upande wa pili, na sikumshukuru.

Amina tulimkuta hai kwa shida. Mshipa ulikuwa umelala, nilichoma mara kadhaa kabla sijaupata, Mama Mbeyu akiwa ameinua chupa ya dripu juu kwa mkono mmoja njia nzima ya kurudi na kuimba kitu kwa chini, sijui wimbo wa kanisa gani. Mmoja wa wale wengine wawili alikuwa amekwisha fariki. Amina na yule aliyebaki waliondoka kwa miguu yao kabla maji hayajapungua.

Redio ilitangaza maneno ya Danson yote, tena vizuri. Gazeti la yule wa koti lilitoa picha ya kitanda chenye tundu na ndoo chini yake, na maneno machache kuhusu mwanamke aliyepika sumu matangani. Hilo ndilo waliloliona kubwa. Kanisani kwao Mama Mbeyu hajashika tena sufuria. Huwa hawamkatazi, ila akifika jikoni hukuta kila mwiko una mwenyewe.

Lakini jioni ile tuliporudi, alikaa palepale juu ya ndoo nje ya hema la dawa, tope mpaka magotini, kanga imetoboka kwa klorini. Danson alitoka, akasimama mbele yake. Akachota maji kwa kile kikombe kilichobonyea, akampa kwa mikono miwili.

Mama alinusa, akakunja uso, akayanywa yote.

"Yananuka," akasema.

"Najua, mama."

Akamrudishia kikombe. "Niongeze."